Saini ya Pili: Mkurugenzi Anapodhamini Mkopo wa Kampuni Yake

Kampuni inapopewa mkopo na benki, wakurugenzi wake huitwa kusaini karatasi za namna mbili. Kwanza husaini mkataba wa mkopo, na hapo wanasaini kwa niaba ya kampuni, chini ya jina la kampuni na muhuri wake. Kisha ofisa mikopo huwasogezea hati nyingine, ambayo mara nyingi ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Katika hati hii hakuna muhuri wa kampuni. Kuna jina la mkurugenzi mwenyewe, anwani ya nyumbani kwake, picha yake ndogo na saini yake mbele ya wakili. Hiyo ndiyo hati ya udhamini binafsi. Wengi huisaini kwa haraka ile ile waliyosainia ya kwanza, wakiamini ni sehemu ya taratibu za benki.

Benki huidai hati hii kwa sababu sheria inaitambua kampuni kama mtu anayejitegemea. Tangu uamuzi wa kesi ya Salomon huko Uingereza mwaka 1897, nchi zilizorithi sheria za kampuni kutoka huko, Tanzania ikiwamo, zinafuata msimamo mmoja: deni la kampuni ni la kampuni, na mwenye hisa hapaswi kuuziwa nyumba yake kwa sababu biashara imeanguka. Mkopeshaji anaijua kanuni hiyo vizuri, naye huitafutia mlango. Mlango wenyewe ni saini ya pili.

Nitaeleza jinsi benki inavyoufungua mlango huo kwa kufuata kampuni moja ya mfano. Kaka na dada yake wana kampuni ya usafirishaji Morogoro. Kaka ndiye mkurugenzi mtendaji na ana asilimia 70 ya hisa. Dada ni muuguzi, ana asilimia 30, na aliingizwa kwenye bodi kwa sababu alichangia mtaji wa mwanzo. Kampuni inakopa shilingi milioni 240 kununua malori mawili, na marejesho yanapangwa kwa miezi 36. Kadi za malori zinabaki benki kama rehani, na wakurugenzi wote wawili wanatakiwa kudhamini. Kaka anampigia simu: "Dada, njoo usaini tu, benki wanataka wakurugenzi wote. Ukimaliza unarudi kazini." Dada anafika, anasaini, anarudi kazini.

Ndani ya ile hati moja, bila kujua, ametoa ahadi mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa nguvu.

Ya kwanza ni udhamini. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inaueleza katika kifungu cha 78: ni mkataba wa kutekeleza ahadi au kulipa deni la mtu mwingine pale mtu huyo atakaposhindwa. Hapo kuna watu watatu, yaani mkopeshaji, mkopaji na mdhamini. Deni la mdhamini limeegemea deni la mkopaji. Kampuni ikiwa haidaiwi kitu kisheria, mdhamini naye hana cha kulipa. Kampuni ikidaiwa milioni 100, mdhamini hawezi kudaiwa milioni 130 kwa udhamini huo. Kifungu cha 80 kinasema dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeeleza vingine.

Ya pili ni ahadi ya fidia, na imo katika kifungu cha 76. Hapa mtu anaahidi kumwokoa mwenzake na hasara, iwe imesababishwa na mwenendo wa aliyeahidi au wa mtu mwingine yeyote. Watu wanaohusika ni wawili: anayeahidi na anayeahidiwa. Ahadi haisemi "kampuni isipolipa, nitalipa deni lake." Inasema "ukipata hasara kwa kuikopesha kampuni hii, hasara hiyo ni yangu." Kwa hiyo haiegemei deni la kampuni. Inasimama yenyewe, hata deni la kampuni likianguka.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo ikifanya kazi atazame kesi mbili za Uingereza zinazotajwa pamoja kila somo hili linapofundishwa. Mwaka 1946 benki ya Coutts ilidai watu wazima waliokuwa wamedhamini deni la benki la kijana aliyekuwa hajafikisha umri wa kisheria. Sheria ya wakati huo ilisema mkopo wa mtoto ni batili kabisa. Mahakama ikaamua kwamba kama hakuna deni, hakuna kilichodhaminiwa, na wadhamini wakaenda zao. Mwaka 1961 kampuni ya Yeoman Credit ilikuja mahakamani na jambo la aina hiyo hiyo: kijana mwenye umri mdogo alikuwa amechukua gari kwa mkataba wa kulipia kidogo kidogo, na mtu mzima akasaini upande wake. Safari hii mahakama ilisoma ahadi ya yule mtu mzima ikaona kwamba alikuwa ameahidi kuifidia kampuni hasara yake, na hakuwa amedhamini tu deni la kijana. Mkataba wa kijana ulikuwa batili, lakini mtu mzima alilipa.

Wakopaji wa kampuni zetu si watoto, ila mkopo wa kampuni nao unaweza kuwa na kasoro kwenye mzizi. Pengine azimio la bodi lililopelekwa benki halikupitishwa na bodi yoyote, au aliyesaini kwa niaba ya kampuni hakuwa na mamlaka hayo na benki ilikuwa inalijua hilo. Ikitokea mahakama ikasema kampuni haikufungwa na mkopo huo, mdhamini wa kawaida atasimama na kusema hana deni la kulipa. Aliyetoa ahadi ya fidia hana neno hilo la kusema, kwa maana fedha za benki zimetoka na hazikurudi, na hiyo ndiyo hasara aliyoahidi kuibeba.

Ndiyo sababu mawakili wa benki huziweka ahadi zote mbili ndani ya hati moja. Kichwa cha hati kitasema "udhamini", na aya za mwanzo zitazungumzia kampuni kushindwa kulipa. Kisha mahali fulani katikati, mara nyingi kwenye aya ambayo msomaji amekwisha kuchoka, kutakuwa na sentensi inayosema kwamba kama fedha zozote hazitaweza kudaiwa kutoka kwa mdhamini kwa njia ya udhamini, basi atazilipa kama mkopaji mkuu na ataifidia benki hasara yote. Nyingi ya hati hizi bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mtu akiniuliza asome aya ipi kama ana dakika kumi tu, nitamwambia aitafute hiyo.

Kichwa cha hati peke yake hakiamui lolote. Mahakama huangalia maneno ya ahadi na kujiuliza mtoa ahadi alijifunga kufanya nini: kulipa pale mwingine atakaposhindwa, au kuondoa hasara bila kujali deni la mwingine limefikia wapi? Hata maneno "kama mkopaji mkuu" hayageuzi udhamini kuwa fidia yakiwa peke yake. Husomwa pamoja na hati nzima, na pale hati inapokuwa na utata, mahakama za mfumo huu zina desturi ya kuisoma kwa namna inayomwelekea mdhamini, kwa kuwa benki ndiyo iliyoiandika.

Turudi Morogoro. Kwa mwaka mmoja malori yanafanya kazi na marejesho yanalipwa. Mwezi wa 15 mteja mkubwa anaacha kulipa ankara zake na kampuni inaanza kuchelewa. Kaka anakwenda benki, anazungumza, na wanakubaliana kuupanga upya mkopo. Deni lililobaki, milioni 165, litalipwa kwa miezi 48 badala ya miezi 21 iliyokuwa imesalia, na riba inapanda kidogo. Marekebisho yanasainiwa na benki na kaka kwa niaba ya kampuni. Dada hakuitwa wala hakujulishwa.

Jambo hili dogo ndilo lenye kesi nyingi kuliko yote katika sheria ya udhamini. Kanuni yake ilikaziwa Uingereza mwaka 1878 katika kesi ya Holme dhidi ya Brunskill, kesi ya kondoo. Mkulima alikodi shamba pamoja na kundi la kondoo, na Brunskill akadhamini kwamba kundi litarudishwa likiwa na idadi na hali ile ile. Baadaye mwenye shamba na mkulima wakakubaliana wao kwa wao kwamba mkulima arudishe kiwanja kimoja, naye apunguziwe kodi. Kondoo waliporudishwa wakiwa wamepungua na kudhoofu, mwenye shamba akamgeukia mdhamini. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limeona kwamba kile kiwanja hakikubadili mambo kwa kiasi cha maana. Majaji wa rufaa walisema hilo halitoshi: kama si dhahiri kwamba mabadiliko hayawezi kumdhuru mdhamini, basi ni yeye mwenyewe wa kuamua kama anaendelea kudhamini. Hakuulizwa, kwa hiyo ameachiliwa.

Sheria yetu ya Mikataba inabeba wazo hilo hilo ila inaligawa. Masharti ya mkataba mkuu yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, anaondolewa dhima kwa miamala inayofuata baada ya mabadiliko. Mkopeshaji akiingia makubaliano ya kumwongezea mkopaji muda, au kumwahidi kwamba hatamshitaki, bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaachiliwa. Lakini mkopeshaji akinyamaza tu, akachelewa kudai, akamvumilia mkopaji mwezi hadi mwezi bila kujifunga kwa ahadi, mdhamini anabaki palepale. Wadhamini wengi hulia mahakamani kwamba benki ilimwacha mkopaji muda mrefu hadi deni likavimba. Uvumilivu huo peke yake hauwasaidii. Kinachowasaidia ni makubaliano yanayoifunga benki, na makubaliano hayo kwa kawaida yameandikwa na yamo kwenye jalada la mkopo.

Kwa kipimo hicho dada ana hoja nzuri sana: benki iliongeza muda kwa mkataba, riba ikapanda, na yeye hakuridhia. Ila kabla hajafurahi, wakili wake atafungua hati aliyoisaini na kutafuta aya nyingine, ile inayosema mdhamini ameridhia tangu mwanzo kwamba benki inaweza kubadili masharti, kuongeza muda au kuachia rehani bila kumuuliza, na dhima yake haitapungua. Karibu kila hati ya benki inayo. Mahakama huiheshimu aya hiyo, kwa kuwa ridhaa inaweza kutolewa mapema. Pia atatafuta ile ahadi ya fidia, kwa kuwa kanuni ya kondoo inamlinda mdhamini tu. Aliyeahidi fidia kwa ahadi inayojitegemea haachiliwi na kanuni hiyo kwa sababu ya mkopaji kubadilishiwa masharti.

Hata hivyo ridhaa ya mapema ina mpaka. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Benki ya Triodos iliyomdai mkurugenzi aliyedhamini mkopo wa kampuni yake ya ujenzi. Benki na kampuni walikuwa wameuweka kando mkopo wa awali na kuingia mkataba mpya, mkubwa zaidi na kwa mradi mpana zaidi. Benki ilitegemea aya ya ridhaa ya mapema. Mahakama ilisema aya hiyo inaruhusu kubadili mkopo uliodhaminiwa. Haimfanyi mtu kuwa mdhamini wa mkopo mwingine kabisa. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ingawa huweza kushawishika nao, na kwangu ni uamuzi wa haki. Kwa mfano wetu, kuyapanga upya marejesho ya milioni 165 zile zile kutaonekana kuwa mabadiliko ya mkopo ule ule. Kama benki ingemwongezea kaka milioni 200 za kununua malori mengine na kuuchanganya mkopo wote kwenye mkataba mpya, dada angekuwa na mengi ya kusema.

Miezi mitano baada ya marekebisho, kampuni inaacha kulipa kabisa. Benki inakamata malori na kuyauza kwa milioni 70. Baada ya kuhesabu riba na gharama, inasema bado inadai milioni 120.

Wadhamini wengi huamini kwamba benki lazima imalize kwanza kuifuatilia kampuni, ipate hukumu, iuze kila kitu, ndipo iwageukie wao. Sivyo. Kwa kuwa dhima inalingana, benki inaweza kumdai mdhamini mara tu mkopaji anaposhindwa, isipokuwa hati iseme vingine. Mahakama ya juu ya India ililisema hilo bayana katika kesi ya Benki ya Bihar, iliyochapishwa mwaka 1969, ikitafsiri kifungu ambacho chetu cha 80 kimefuata maneno yake. Hoja yake ni rahisi: udhamini ungekuwa na faida gani kama mkopeshaji angelazimika kupoteza miaka akimfuata mtu asiye na kitu kabla ya kumfikia aliyeahidi kulipa? Kampuni ikiwa katika kufilisiwa na mahakama, mwelekeo huo huwa mkali zaidi. Kuishitaki kampuni inayofilisiwa kunahitaji ruhusa ya mahakama. Mdhamini hana ngao hiyo.

Kinachotangulia shauri ni barua ya madai. Hati nyingi zinasema mdhamini atalipa "anapodaiwa", na maneno hayo yana uzito. Bila madai kupelekwa kwake, wajibu wake wa kulipa bado haujaiva, na shauri lililofunguliwa kabla ya hapo linaweza kutupwa. Barua inapaswa kumwandikia yeye kwa jina, iitaje hati ya udhamini na tarehe yake, iseme kampuni imeshindwa nini, itaje kiasi na siku za kulipa, na ipelekwe kwenye anwani iliyomo kwenye hati. Benki huteleza hapa mara nyingi kuliko mtu angetarajia. Wengine huiandikia kampuni na kumpa mdhamini nakala tu. Wengine hupeleka barua ofisi ya kampuni wakati hati imetaja nyumbani kwake. Dada amehamia Dodoma, lakini hilo halimsaidii kama hati inasema barua itahesabiwa kuwa imefika baada ya siku kadhaa ikipelekwa kwenye anwani aliyoiandika mwenyewe, na yeye hakuwahi kuitaarifu benki kwamba amehama.

Tarehe ya barua hiyo ina kazi nyingine. Madai yatokanayo na mkataba yana ukomo wa miaka sita, na kwa udhamini unaolipwa baada ya kudaiwa, saa huanza kuhesabu madai yanapofanywa. Mdhamini anayehesabu miaka tangu kampuni ilipochelewa mara ya kwanza huenda anahesabu kutoka mahali pasipo pake.

Shauri likifunguliwa, mara nyingi kampuni na wadhamini hushitakiwa pamoja. Kwa kiasi kikubwa huenda Mahakama Kuu, ambayo tangu mwaka 1999 ina Divisheni ya Biashara. Mdaiwa ana siku 21 tangu apewe hati ya wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi, na mtu anayeziacha zipite akisubiri kaka yake azungumze na benki anaweza kukuta hukumu imetolewa bila yeye kusikilizwa. Benki nayo inatakiwa kuthibitisha mambo machache kwa karatasi: mkopo ulitolewa na fedha ziliingia, hati ya udhamini ilisainiwa na mdaiwa, kampuni ilishindwa, madai yalipelekwa, na kiasi kinachodaiwa ni sahihi. Kwa hili la mwisho hati huwa na aya inayosema cheti cha ofisa wa benki kitakuwa ushahidi wa mwisho wa kiasi isipokuwa kiwe na kosa la wazi. Basi mdhamini asiishie kusema "kiasi ni kikubwa mno." Aombe taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, afuatilie kila riba ya adhabu, na aangalie kama zile milioni 70 za malori ziliingizwa siku yalipouzwa au miezi mitatu baadaye. Mstari mmoja wa taarifa ya akaunti una nguvu kuliko kurasa za malalamiko.

Utetezi wa "sikusoma" au "niliambiwa ni taratibu tu" huwa mgumu. Mtu mzima anayesaini hati mbele ya wakili huchukuliwa kuwa ameikubali. Sheria inaubatilisha udhamini uliopatikana kwa benki kupotosha au kuficha jambo la maana, lakini mdhamini ndiye wa kuthibitisha kwamba benki ilifanya hivyo. Aliyemhimiza dada alikuwa kaka yake, naye si benki. Kujiuzulu ukurugenzi pia hakufuti kitu. Jina linaweza kuondolewa BRELA leo, na hati ya udhamini ikabaki na nguvu zake kesho. Udhamini unaoendelea, kwa mfano wa akaunti ambayo kampuni inachota na kurudisha, unaweza kusitishwa kwa taarifa kwa miamala ya baadaye. Fedha zilizokwisha kutolewa hazihusiki na taarifa hiyo.

Benki ikishinda, inakazia hukumu. Dalali wa mahakama anaweza kukamata gari au kiwanja, na fedha zilizo kwenye akaunti ya dada zinaweza kuzuiwa kwa amri kwa benki inayozitunza. Mdai anaweza hata kuomba mdaiwa awekwe gereza la madai, kwa taratibu zake, na mdai huyo ndiye anayelipia posho yake huko. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na linawafaa kulijua. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga dhidi ya kukamatwa nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Aliyesaini udhamini tu, bila kuiweka nyumba rehani, anaweza kuisimamia kinga hiyo. Aliyesaini udhamini na pia akaiweka nyumba rehani yuko kwenye njia nyingine. Benki inaweza kuiuza nyumba kwa nguvu za rehani chini ya Sheria ya Ardhi, baada ya notisi ya siku 60. Kwa nyumba ya ndoa, rehani hiyo ilihitaji ridhaa ya mwenzi tangu mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza la mdhamini mwenye nyumba liwe hili: nilisaini nini hasa siku ile, hati moja au mbili?

Hati ya kina dada ilisema wadhamini watawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake." Maana yake benki inaweza kudai milioni 120 zote kutoka kwa mmoja wao, na itamchagua aliye rahisi kufikiwa. Kaka amefunga ofisi na simu haipatikani. Dada ana mshahara, kiwanja Dodoma na akiba SACCOS. Hisa zake za asilimia 30 hazimpunguzii kitu mbele ya benki. Kama alitaka kuwajibika kwa kiasi fulani tu, kikomo hicho kilipaswa kuandikwa kwenye hati siku ya kusaini, pamoja na maelezo kama kinajumuisha riba na gharama au la. Kikomo ambacho riba inaruhusiwa kukivuka hakimlindi mtu kama anavyodhani.

Tuseme anauza kiwanja, anakopa kwa ndugu, na analipa zote. Siku hiyo hiyo sheria inamgeuza kuwa mdai. Haki zote ambazo benki ilikuwa nazo dhidi ya kampuni zinahamia kwake, pamoja na rehani yoyote iliyobaki mikononi mwa benki. Kama lori moja lilikuwa halijauzwa, kadi yake inapaswa kukabidhiwa kwake. Kama benki ilikuwa imeiachia rehani ile bila ridhaa yake, angeweza kudai apunguziwe dhima kwa thamani yake, endapo hati haikumnyang'anya haki hiyo mapema. Anaweza kuidai kampuni milioni 120 zote, ingawa kampuni isiyo na mali ni mdaiwa wa kumwandikia barua tu.

Kwa kaka yake ana njia ya pili. Wadhamini wawili wa deni moja, kama hawakukubaliana vingine, wanalibeba kwa sehemu sawa. Mgawanyo haufuati asilimia za hisa, na mahakama haitaongeza mzigo wa kaka kwa sababu tu yeye ndiye aliyeendesha malori na kunufaika zaidi. Dada anaweza kumdai milioni 60. Kama wangeandika karatasi moja siku ile ya kusaini, wakikubaliana kwamba wao kwa wao kaka atabeba asilimia 70, angemdai milioni 84. Tena angeweza kumtaka kaka aende mbali zaidi na kumpa ahadi ya fidia kwa chochote benki itakachomdai. Kwa ahadi hiyo, chini ya kifungu cha 76, angemdai milioni 120 zote pamoja na gharama za wakili.